Kazi ya Mungu Haina Makosa: Kauli Hii Inasema Nini?

Nenda msibani popote, Tanga au Kisumu, kwa Waislamu au kwa Wakristo, na kabla hujakaa sana utaisikia kauli hii: kazi ya Mungu haina makosa. Mzee anamwambia baba mfiwa huku amemshika mkono. Jirani anaisema akitua mzigo wa kuni. Msemaji wa familia anafungia nayo hotuba yake. Pale hakuna anayeuliza ina maana gani, na pale si mahali pa kuuliza.

Mwanafunzi wa falsafa ya dini hana budi kuuliza. Kisarufi, kauli hiyo haina tofauti na kusema kazi ya fundi fulani haina makosa. Ina kiima, ina kiarifu, na inadai jambo. Ya fundi tunajua namna ya kuikagua: tunapitisha timazi ukutani, tunamwaga maji sakafuni tuone yanaelekea wapi. Ya Mungu tunaikaguaje? Na kama haina namna ya kukaguliwa, anayeisema amesema kitu, au ametoa sauti ya kufariji tu kama mtu anayembembeleza mtoto?

Majibu yamekuwa ya aina tatu. Wako wanaosema kauli kuhusu Mungu zichukuliwe kwa maana yake halisi, wako wanaosema ni ishara na mafumbo, na wako wanaosema hazina maana yoyote. Katika mtihani majibu haya hupangwa kama masanduku matatu, na mwanafunzi hutakiwa kumtia kila mwanafalsafa katika sanduku lake. Nadhani mpangilio huo unaficha jambo muhimu zaidi, na njia nzuri ya kuliona ni kuifuata kauli moja tu, hii ya msibani, tukiipitisha katika mjadala uliozuka Uingereza katikati ya karne iliyopita. Hapo ndipo swali liliulizwa kwa ukali kuliko wakati mwingine wowote.

Ukali huo ulianza na A. J. Ayer. Mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 25, alichapisha kitabu kuhusu lugha, ukweli na mantiki kilichowatikisa wanateolojia wa kizazi kizima. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa Vienna, akihudhuria vikao vya wanafalsafa na wanasayansi walioitwa Duara la Vienna, na aliporudi Uingereza alikuja na kanuni yao. Kanuni yenyewe ni fupi. Kauli huwa na maana kwa njia mbili tu. Ama ni ya kweli kutokana na maneno yake yenyewe, kama kusema kila mjane amefiwa na mwenzi wake. Ama kuna jambo ambalo macho, masikio au hisi nyingine zinaweza kuliona na likasaidia kuamua kama ni ya kweli au ya uongo. Isiyopita katika mlango wowote kati ya hiyo miwili ni maneno matupu, hata kama sarufi yake imenyooka.

Wengi humsoma Ayer haraka na kudhani alikuwa anasema Mungu hayupo. Hakusema hivyo, na alijitahidi kulieleza hilo. Anayesema Mungu hayupo, kwa kanuni hii, naye amesema maneno matupu, kwa kuwa anakana jambo ambalo halijadaiwa. Hata anayesema hajui kama Mungu yupo hakupona, maana anadhani kuna swali la kutojua jibu lake. Kauli yetu ya msibani, kwa Ayer, si ya kweli na si ya uongo. Ni hisia iliyovishwa nguo ya taarifa.

Kanuni hiyo ilianguka, na inafaa kujua ilianguka vipi, kwa sababu haikuangushwa na mahubiri. Iliangushwa na mantiki. Kosa la kwanza linajulikana: kanuni yenyewe haipiti katika mlango wake. Si kweli kwa maneno yake tu, wala hakuna darubini inayoweza kuithibitisha. La pili ni la ndani zaidi. Ukiitumia kanuni kwa ukali, unazitupa nje hata kauli za sayansi, maana hakuna awezaye kuvikagua vyuma vyote vya zamani na vya baadaye ahakikishe kwamba kila chuma hutanuka kikipashwa moto. Kwa hiyo Ayer aliilegeza: inatosha kauli ikiungana na nyingine itoe jambo la kuonekana ambalo hizo nyingine peke yake zisingelitoa.

Tazama kinachotokea. Chukua upuuzi wowote, mathalani: Umilele ni mvivu. Sasa weka kando yake kauli hii: ikiwa Umilele ni mvivu, basi ukuta huu ni mweupe. Kutokana na hizo mbili kwa pamoja unapata kwamba ukuta huu ni mweupe, jambo ambalo mtu yeyote mwenye macho anaweza kulihakikisha. Kauli ya pili peke yake isingekupa jambo hilo. Basi kwa kanuni iliyolegezwa, upuuzi wetu una maana! Isaiah Berlin alilionyesha tatizo hili mapema, na Ayer alikubali katika toleo la pili la mwaka 1946, akaweka kiraka. Mwaka 1949 mwanamantiki Mmarekani Alonzo Church aliandika uhakiki mfupi akathibitisha kwamba kiraka nacho kinavuja: karibu kauli yoyote unayoitaka, au kinyume chake, bado itapita. Uzeeni, akihojiwa kwenye televisheni katika miaka ya 1970, Ayer mwenyewe alikiri kwamba karibu yote aliyoyashikilia siku zile hayakuwa kweli.

Hapa ndipo vitabu vingi vya kujiandaa na mtihani huufunga mjadala, na hapa ndipo vinapowapotosha wanafunzi. Vinawaweka pamoja Ayer na Antony Flew kana kwamba Flew ni Ayer aliyegeuzwa tu, mmoja akidai kauli ithibitishike na mwingine akidai ikanushike, kisha wote wawili wanaangushwa kwa hoja ileile. Lakini Flew hakuleta kanuni ya maana. Alileta swali, na swali haliangushwi kwa kuuliza kama linajikidhi lenyewe.

Flew alikuwa kijana wa Oxford. Alikuwa akihudhuria klabu ya mijadala iliyoongozwa na C. S. Lewis, ambako waumini na wasioamini walibishana hadharani, na makala yake, ya kurasa chache sana, ilisomwa kwanza pale kabla ya kuchapishwa mwaka 1950. Inaanza na kisa alichokiazima kwa mwanafalsafa John Wisdom. Wasafiri wawili wanafika kwenye uwazi katikati ya msitu. Yamo maua mengi, na magugu yamo pia. Mmoja anasema lazima kuna mtunza bustani. Mwenzake anakataa. Wanapiga hema na kukesha, haonekani mtu. Labda haonekani kwa macho, anasema yule wa kwanza. Wanazungusha uzio wa senyenge, wanautia umeme, wanaweka na mbwa wa kunusa. Hausikiki ukelele wa mtu aliyeguswa na umeme. Waya hautikisiki. Mbwa hawabweki. Bado yule anayeamini anashikilia kwamba mtunza bustani yupo, ila hashikiki, hadhuriwi na umeme, hana harufu wala sauti, naye huja kwa siri kuitunza bustani anayoipenda. Mwenzake anakata tamaa na kumuuliza: mtunza bustani wa namna hiyo ana tofauti gani na mtunza bustani wa kubuni, au na kutokuwapo kwa mtunza bustani kabisa?

Hoja iliyo chini ya kisa ni nyepesi kuikubali. Kudai jambo lolote ni kukana jingine. Ukisema mlango umefungwa, umekana kwamba uko wazi; na kama hakuna hali yoyote duniani ambayo ungekubali kwamba imekukosoa, basi hukuwa umesema lolote kuhusu mlango. Flew aliitumia hoja hiyo kwenye kauli ya upendo wa Mungu. Tunaambiwa Mungu anatupenda kama baba anavyowapenda wanawe, tukatulia. Kisha tunamwona mtoto anayekufa kwa saratani ya koo. Baba yake wa duniani anahangaika kama aliyerukwa na akili. Baba wa mbinguni haonyeshi dalili ya kujali. Hapo linaongezwa sharti: upendo wa Mungu si kama wa binadamu, njia zake hazichunguziki. Tunatulia tena. Lakini, aliuliza Flew, upendo uliozungushiwa masharti namna hiyo unatuhakikishia nini? Alisema dai zuri linaweza kuuawa hivyo, kidogo kidogo, kwa sharti baada ya sharti, mpaka halina kitu ndani.

Ipeleke hoja hiyo msibani. Mgonjwa akipona, kazi ya Mungu haina makosa. Akifa, kazi ya Mungu haina makosa. Akifa mzee wa miaka tisini, amepumzishwa. Akifa kijana wa ishirini, Mungu alimpenda zaidi. Hakuna tukio ambalo kauli haikubaliani nalo. Flew angetuuliza kwa upole: ni jambo gani lingepaswa kutokea ndipo mseme kwamba safari hii kosa limekuwapo?

Wawili walimjibu palepale katika mjadala ule. R. M. Hare alikubali kushindwa kisha akahamia uwanja mwingine. Alitunga kisa cha mwanafunzi kichaa anayeamini kwamba walimu wote wa chuo wanapanga kumuua. Ukimletea mwalimu mpole kuliko wote, anakwambia huo ndio ujanja wenyewe. Hare alisema mwanafunzi huyo hana dai lenye kupimwa. Ana mtazamo wa msingi juu ya dunia, alioupa jina la kutunga, bliki. Sisi nasi tuna bliki, ila yetu ni timamu. Dini, kwa Hare, ni bliki. Jibu hili lina faida yake, lakini bei yake ni kubwa mno. Kama kauli za dini hazidai lolote, hatuna tena haki ya kusema bliki moja ni timamu na nyingine ni ya kichaa, kwa sababu utimamu hupimwa kwa jinsi mambo yalivyo. Flew alimwambia pia kwamba waumini wenyewe hawatalikubali jibu hilo. Wao wanaamini wanasema jambo la kweli kuhusu Muumba wa ulimwengu.

Jibu la Basil Mitchell ndilo ninaloliona bora. Ni wakati wa vita, nchi imekaliwa na adui. Mpiganaji wa siri anakutana usiku na mgeni, wanazungumza mpaka alfajiri, na mgeni anamwambia kwamba yuko upande wao, tena ndiye kiongozi, na anamwomba amwamini litakalotokea lolote. Hawakutani tena faragha. Siku nyingine mgeni anaonekana akiwasaidia wapiganaji. Siku nyingine yumo ndani ya sare ya polisi akiwakabidhi wazalendo kwa adui. Mpiganaji anaendelea kusema: yuko upande wetu. Tofauti kati yake na msafiri wa Flew ni kwamba mpiganaji anakubali kuwa mambo yale yanampinga. Yanamuumiza kwa sababu yanampinga. Anachokataa ni kwamba yamemaliza kesi. Flew alijibu kwamba mgeni ni binadamu, ana mipaka, kwa hiyo visingizio vyake vinaeleweka. Mungu mwenye uwezo wote hana kisingizio. Jibu hilo ni zito, lakini angalia lilivyohamisha swali. Sasa hatubishani tena kama kauli ina maana. Tunabishana kama ni ya kweli, na huo ni mjadala wa uovu na mateso, ambao ni wa zamani kuliko Oxford.

Na Mitchell ana ushahidi mkubwa kuliko kisa chake, nao uko palepale msibani. Mama anayelia kwa sauti, Mungu kwa nini mimi, hasemi upuuzi. Analalamika kwa sababu anaamini kauli ile inakataza kitu, na kitu hicho kimetokea. Kitabu cha Ayubu kina sura 42, na sehemu kubwa yake ni malalamiko ya mtu mwadilifu aliyepoteza watoto kumi, pamoja na mabishano yake na marafiki waliotaka kumnyamazisha kwa maelezo. Mwishoni Mungu anawakasirikia wale marafiki, na anasema Ayubu ndiye aliyesema sawasawa. Kama kauli za dini zingekuwa zinakubaliana na kila kitu, maombolezo yasingekuwa na nafasi ndani ya dini. Lakini yamo, katika sala na katika maandiko. Anayelalamika ameshamjibu Flew: jambo lililopaswa kutokea ili niseme kuna shida ndilo hili.

Bado linabaki shtaka la masharti. Je, kusema upendo wa Mungu si kama wa binadamu ni kukwepa? Hapa ningemwomba msomaji arudi kwenye bustani. Msafiri wa Flew alianza kwa kudai mtunza bustani wa kawaida, mwenye mikono na jembe. Kutoonekana, kutoshikika, kukosa harufu, yote aliyaongeza baada ya mbwa kuachiliwa. Hiyo ndiyo inayofanya tumhukumu. Wanateolojia wakubwa hawakufanya hivyo. Walisema tangu mwanzo, karne nyingi kabla ya uzio wa Flew, kwamba maneno ya viumbe hayamtoshi Muumba, na walieleza yanapungukia wapi. Sharti lililotajwa kabla ya kipimo na sharti lililobuniwa baada ya kushindwa kipimo ni vitu viwili tofauti.

Hatua ya mbali kabisa ilichukuliwa na Musa bin Maimuni, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyeishi Misri na kuandika falsafa yake kwa Kiarabu, akafariki mwaka 1204. Kwake, hatuwezi kusema Mungu ni nini. Tunaweza kusema si nini tu. Kusema Mungu ana nguvu ni kusema si dhaifu, na hata hapo tusidhani tumegusa dhati yake. Thoma wa Akwino, karibu miaka 60 baadaye, alimsoma kwa heshima na kukataa. Alisema mtu anayemwita Mungu mwema hakusudii tu kwamba Mungu si mwovu, wala kwamba Mungu ndiye chanzo cha wema. Kama ingekuwa hivyo, tungeweza kusema Mungu ni mwili, kwa kuwa ndiye chanzo cha miili pia. Anakusudia kwamba kile tunachokiita wema kimo katika Mungu kwa namna ya juu zaidi kuliko tunavyoweza kuifahamu. Neno halitumiki kwa maana ileile kabisa, wala si kwa maana nyingine kabisa. Linatumika kwa mlinganisho.

Wengi huukosea mlinganisho huu. Wanafunzi huuweka katika sanduku la mafumbo. Thoma mwenyewe aliutenga waziwazi na mafumbo. Kuna kauli kama Mungu ni mwamba au Mungu ni simba, na hizo ni tamathali. Kuna kauli kama Mungu ni mwema au Mungu anajua, na hizo, alisema, ni za maana halisi. Yaani wema ni wa Mungu kwanza na wetu baadaye, ingawa namna yetu ya kuutamka inabeba alama za viumbe. Kipo kipimo chepesi cha kuzitofautisha. Jaribu kuikana kauli. Muumini anaweza kusema bila wasiwasi kwamba Mungu si mwamba, maana hana uzito wala hapasuki. Hawezi kusema kwa utulivu uleule kwamba Mungu si mwema. Kauli ambayo mwenyewe yuko tayari kuikana ni ya tamathali. Asiyoweza kuikana ameikusudia.

Waislamu wa pwani yetu wanaufahamu mvutano huu kwa jina jingine. Qurani inautaja mkono wa Mungu na inamtaja Mungu kuwa juu ya Arshi. Wale walioyachukua maneno hayo kama ya kiungo cha mwili walionekana wanamfananisha Mungu na viumbe. Mu'tazila walifasiri mkono kuwa ni uwezo au neema. Inasimuliwa kwamba Malik bin Anas, imamu wa Madina aliyefariki mwaka 795, alipoulizwa kuhusu Arshi alijibu kwamba jambo lenyewe linajulikana, namna yake haijulikani, kuliamini ni wajibu, na kulidadisi ni uzushi. Wanachuoni wa Kiashari waliifuata njia hiyo ya kukubali neno bila kuuliza vipi, na wengine miongoni mwao waliruhusu tafsiri. Waibadhi wa Omani, ambao masheikh wao walifundisha Zanzibar bega kwa bega na Washafii, wamesimama imara upande wa tafsiri, hata wakasema Mungu hataonekana kwa macho huko Akhera. Katika mji mmoja, basi, watu walisoma aya ileile, wengine wakiichukua kwa tamathali na wengine kwa maana yake bila namna, na hakuna upande uliodhani mwenzake anatoa sauti zisizo na maana.

Turudi kwenye upendo. Kwa Thoma, kumpenda mtu ni kumtakia mema. Ukiondoa yote ya kibinadamu, machozi, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi kando ya kitanda cha mgonjwa, kiini hicho kinabaki, na kikiondoka nacho neno limekufa kama Flew alivyosema. Duns Scotus, aliyefariki mwaka 1308, alisisitiza kwamba lazima pawe na kiini kimoja kama hicho kinachoshirikiwa kwa maana ileile, la sivyo mlinganisho ni jina zuri la kutojua. Nakubaliana naye. Kwa hiyo kauli kwamba Mungu anampenda mtoto anayekufa inadai kwamba mtoto huyo anatakiwa mema na kwamba mema hayo yatamfikia. Yatamfikia wapi? John Hick alijibu mwaka 1960: baada ya kifo. Aliona pia upungufu wa jibu lake. Kama ni kweli, itathibitika. Kama si kweli, hakuna atakayebaki kugundua kwamba ilikuwa uongo. Inathibitika ila haikanushiki, lakini ni dai.

Wale wa ishara nitawapitia kwa haraka, si kwa kuwadharau. Paul Tillich, Mjerumani aliyefukuzwa kazini na utawala wa Hitler mwaka 1933 akahamia New York, alisema kila tunachosema kuhusu Mungu ni ishara, na ishara si mapambo: hushiriki katika kile inachokielekezea, kama bendera inavyoshiriki heshima ya taifa. Ni maelezo mazuri ya ibada. Shida yake ni kwamba ishara haina wa kuikosoa. Tillich alisema ishara huzaliwa na kufa, lakini ishara inaweza kuwa hai na bado ikapotosha, na ukitaka kujua ipi inapotosha unahitaji angalau kauli moja ya maana halisi ya kuipimia. Tillich alikuwa nayo moja, kwamba Mungu ni kuwapo kwenyewe, na kauli hiyo ni nyembamba mno kuwapimia watu mateso ya mtoto.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya kauli ya msibani haikai katika sanduku moja, kwa sababu kauli ileile hutumika kwa kazi mbili. Anayeisema baada ya kulia, akijua kwamba kilichotokea kinaipinga, na akakataa kuiacha, amedai jambo kubwa. Anaweza kuwa anakosea, lakini amesema kitu. Yuko pia anayeisema ili swali lisiulizwe. Mama amefariki akijifungua, damu haikuwapo, gari la wagonjwa halikuwa na mafuta, na mtu anasimama mbele ya waombolezaji kusema kazi ya Mungu haina makosa. Hapo kauli imetumwa kufunika makosa ya watu, na imefanywa ikubaliane na lolote kwa makusudi. Hapo ndipo ninapoliona shtaka la Flew likisimama wima, na waumini wangekuwa wa kwanza kulipokea, kama Ayubu alivyowakatalia rafiki zake. Mwanafunzi asiulize tu kauli ina maana au haina. Amuulize anayeisema yuko tayari kupoteza nini kwa ajili yake, na nini kinafuata ikiwa ni ya kweli.

Flew mwenyewe alibadilika. Mwaka 2004 ilitangazwa kwamba, baada ya zaidi ya nusu karne ya kutoamini, amekubali kuwa kuna Mungu, na mwaka 2007 kikatoka kitabu kwa jina lake kueleza kwa nini. Zilimvuta hoja kuhusu asili ya uhai na mpangilio wa ulimwengu. Lakini alieleza kwamba Mungu aliyemkubali ni kama yule wa Aristotle, asiyejishughulisha na maisha ya mtu mmoja mmoja, na hakukubali kwamba kuna maisha baada ya kifo. Alifariki Aprili 2010. Kauli aliyoihoji kwa kisa cha mtoto mgonjwa, kwamba Mungu anatupenda, hakuirudia kuikiri.